Kulipa kodi ya msingi mara moja au kwa awamu?

Msamaha wa Kenya uliofungwa tarehe 30 Juni 2025 ulifuta adhabu na riba za madeni ya hadi mwisho wa 2023, mradi kodi ya msingi iwe imelipwa yote kufikia siku hiyo. Tuchukue kodi ya shilingi 600,000 iliyopaswa kulipwa tarehe 30 Aprili 2022. Adhabu ya asilimia 5 ni 30,000. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi, kwa miezi 38, ni 228,000.

Aliyelipa zote mara moja kufikia siku hiyo aliokoa 258,000. Hata kama alikopa 400,000 benki kwa asilimia 18 kwa mwaka, akarejesha kwa miezi 12, riba ya mkopo ilikuwa kama 40,000 tu. Kukopa kulilipa waziwazi.

Awamu zilizovuka tarehe ya mwisho hazikuhitaji mkopo, lakini salio liliendelea kuzaa riba na msamaha wake ulipotea. Zilifaa pale tu ambapo mkopo ungekausha mtaji wa biashara.

Kabla ya kulipa, kagua leja ya iTax: malipo yaliyowekwa kwenye kipindi kisicho chake huacha deni la zamani likisomeka halijalipwa.