Filamu moja, matoleo matatu: ununue lipi kwanza?

Mwaka jana nilinunua diski ya Kingdom of Heaven, filamu ya vita vya msalaba, kwa muuzaji aliyenihakikishia kuwa ni "ile ndefu". Nikaiweka, nikatazama mpaka mwisho, ikaniishia mapema. Ilikuwa ile fupi iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Tangu siku hiyo sinunui diski bila kuuliza kwanza ina dakika ngapi, na ndugu na marafiki wameshazoea kunipigia simu kabla hawajatoa pesa. Maswali yao hufanana, kwa hiyo nayajibu hapa, kwa filamu tatu za mwongozaji mmoja, Ridley Scott. Kwake utaona karibu kila namna ya toleo.

Kwa nini filamu moja iwe na matoleo mengi?

Sababu kubwa ni saa za ukumbi. Chukua ukumbi unaofanya kazi saa 12 kwa siku, yaani dakika 720, na kila onyesho lihitaji dakika 20 za matangazo na usafi. Filamu ya dakika 144 itaonyeshwa mara nne. Ya dakika 194 itaonyeshwa mara tatu tu. Robo ya tiketi za siku imepotea, na anayeihesabu hasara hiyo ni kampuni iliyotoa fedha. Ndiyo maana mara nyingi neno la mwisho kuhusu urefu huwa la kampuni, mwongozaji akubali asikubali. Miaka ikipita, filamu ikapata wapenzi, kampuni hiyo hiyo hufungua ghala na kuuza vile vipande vilivyokatwa.

Toleo lipi nilipe pesa yangu bila kusita?

La kwanza kwenye orodha yangu ni toleo la mwongozaji la Kingdom of Heaven. Kwenye jalada limeandikwa Director's Cut, na lina takriban dakika 189. Likiandikwa pia Roadshow, hufika 194, kwa sababu limeongezewa muziki wa kufungulia na mapumziko ya katikati. Lile la mwaka 2005 lililoingia kumbini lina dakika 144.

Tofauti hiyo si ya vita kurefushwa. Amekatwa mhusika mzima kwenye hadithi. Sibylla, dada wa mfalme Baldwin wa Nne mwenye ukoma, ana mtoto mdogo wa kiume. Mjomba akifa, mtoto huyo ndiye anayevikwa taji la Yerusalemu. Kisha inakuja siku ya kutia muhuri hati. Nta ya moto inamdondokea mkononi na mtoto hashtuki, hauvuti mkono wala halii. Mama anapokuja kuelewa maana ya mkono usiosikia maumivu, anajua mwanawe ana ugonjwa uleule uliomla kaka yake. Anampakata, anamwimbia, na mtoto akiwa usingizini anamtia sumu sikioni ili asije akaishi nyuma ya kinyago kama mjomba wake.

Kwenye toleo la kumbini mtoto huyu hayupo kabisa. Mfalme anakufa, na mume wa Sibylla anakuwa mfalme moja kwa moja. Baadaye unamwona Sibylla amejikata nywele, amekondeana, hana hata neno, nawe mtazamaji unabaki kujiuliza kimempata nini. Wengi walimlaumu mwigizaji, Eva Green, kuwa hana uzito. Mimi nilikuwa mmoja wao. Ukitazama toleo refu utagundua kazi yake nzuri kuliko zote ilibaki ghalani, na huzuni tunayoiona kwenye toleo fupi ni matokeo ya jambo tulilofichwa.

Basi kila penye jina la mwongozaji ninunue?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini. Jalada haliwezi kukuambia mwongozaji mwenyewe aliketi chumba cha uhariri au la.

Blade Runner iliingia kumbini mwaka 1982. Watazamaji wa majaribio walikuwa wamelalamika kwamba hawaielewi, kwa hiyo ikaongezewa sauti ya mhusika mkuu akieleza mambo, na mwisho wa furaha ambapo wapenzi wanaendesha gari kuelekea milimani. Picha za milima hiyo zilikuwa mabaki ya filamu ya mtu mwingine, The Shining ya Stanley Kubrick. Mwaka 1992 likatoka toleo lililoitwa la mwongozaji. Sauti ile iliondolewa, milima nayo pia, lakini kazi ilifanywa kwa haraka, na Scott alitoa maelekezo bila kuisimamia mwenyewe hatua kwa hatua. Toleo alilolishika mkononi mwake kikamilifu ni la 2007, linaloitwa Final Cut. Humo hata waya zilizokuwa zikiinua gari linaloruka zimefutwa. Kwa hiyo kwenye orodha yangu la 2007 ni la pili, na la 1992 sinunui ikiwa lile lingine lipo dukani.

Alien ni kinyume chake. Mwaka 2003 kampuni ilitaka toleo jipya la kuuza. Scott alijaribu kurudisha vipande vyote vya zamani, akaona filamu imekuwa nzito, akapunguza tena, na likatoka toleo fupi kuliko la kwanza kwa kama dakika moja. Mwenyewe amesema la 1979 ndilo lililokuwa chaguo lake tangu mwanzo. Hapa toleo la kumbini ndilo la kununua, nami naliweka la tatu.

Na yale matoleo marefu ya The Lord of the Rings?

Hayo ni aina nyingine. Mwongozaji wake, Peter Jackson, hakunyang'anywa filamu. Aliridhika na zilizoingia kumbini, kisha akawatengea wapenzi wa hadithi nyongeza. Sehemu ya kwanza inatoka dakika 178 hadi 208, ya tatu inatoka 201 hadi 251. Kama hujawahi kuziona, anza na fupi, kwa sababu mwendo wake ni mzuri zaidi. Ndefu ni za mtu anayerudi mara ya pili akiwa na siku nzima. Nimeziweka za nne, ingawa kwangu ninazo na nazipenda.

Nitajuaje dukani kwamba sijauziwa siyo?

Geuza jalada usome dakika, usisome maneno ya mbele. Lakini kuna mtego kwenye DVD za mfumo wa televisheni wa PAL, unaotumika Uingereza na hata kwetu. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na PAL huzipitisha 25, kwa hiyo kila kitu kinakimbia kidogo, kama asilimia nne. Filamu ya dakika 144 itaandikwa 138 na haijakatwa hata kipande. Ukiona upungufu mdogo wa namna hiyo usigombane na muuzaji. Ukiona dakika 50 zimepungua, gombana.

Tazama pia alama ya kanda, yaani eneo la dunia ambako diski imekusudiwa kuchezwa. Kwa diski za blurei, Afrika na Ulaya tuko B, na Marekani ni A. Diski ya B iliyoagizwa Uingereza itacheza nyumbani. Ya Marekani yenye alama ya A peke yake inaweza kukataa, hata kama bei yake ilikuvutia. Diski za 4K hazina kizuizi hicho.

Ukikuta boksi lenye matoleo yote ya filamu moja na bei imezidi kidogo tu, chukua hilo. Kwa Kingdom of Heaven lipo, na ndilo lililochukua nafasi ya diski yangu ile fupi.