Seti ya kadi za asante kwa mtoto wa miaka 5: tulichokitumia na tulichokiacha kwenye boksi

Basi binti yangu kafikisha miaka 5, pati ikaisha, zawadi zikabaki zimerundikana sebuleni na mimi nina watu 14 wa kuwashukuru. Nikaona badala ya kuwatumia wote meseji moja ya kukopi, tununue ile seti ya watoto ya kutengeneza kadi za asante, ikiwa na kadi 16 zilizokunjwa tayari, bahasha zake, stika nene za sponji, kichupa cha gundi ya maji, glita na makapeni sita. Kwenye boksi wameandika kuanzia miaka 4. Nimeitumia zaidi ya wiki, sasa naweza kusema kitu.

Siku ya kwanza ilikuwa fujo tupu. Nilimkalisha mezani nikamwaga vitu vyote mbele yake (kosa langu hilo, sikatai), kadi ya kwanza akaipamba kwa dakika 20, gundi ikawa nyingi mpaka karatasi imejikunja mawimbi, glita juu yake, na nilipomwambia haya sasa andika jina lako ndani akaniangalia tu akashuka kwenye kiti. Amechoka. Na kile cha ndani ndio kadi yenyewe jamani, pambo bila jina ni karatasi tu.

Makosa ya seti yenyewe nayaona ni matatu. Gundi ya maji haimfai mtoto wa umri huu, kidole bado hakijui kukamua kidogo, na ikimwagika nyingi inachukua masaa kukauka halafu kadi inapinda na hairudi. Ya pili, kadi zina mng'ao kwa nje kwa hiyo wino wa makapeni haunyonywi, unakaa juu juu, ukipitisha kidole hata baada ya dakika moja unachafuka wote (jaribu hivyo kwenye kona ya nyuma kabla mtoto hajaanza, utajua mapema). Ya tatu ndio iliniudhi zaidi: zile stika za sponji ni nene, ukibandika mbili tatu bahasha haifungi! Yani watu wametengeneza bahasha na stika kwenye boksi moja na hakuna aliyejaribu kuvitumia pamoja.

Nikaacha siku mbili nikabadilisha mpango wote, na hapa ndipo seti ikaanza kuwa na maana. Niligundua kwamba shida sio mtoto kukosa hamu, shida ni kumtaka atengeneze vitu 14 tofauti kimoja kimoja. Mtoto wa miaka 5 anapenda kuchora kitu kimoja kikubwa. Basi akachora kitu kimoja kikubwa, mimi nikakikata.

Nilichukua karatasi mbili nene za A3, zile za kuchorea, nikazibana kingo zote kwenye meza kwa selotepu ya karatasi ili zisijikunje zikilowa. Akapewa krayoni za nta, nyeupe na njano tu, nikamwambia achore chochote ila agandamize kwa nguvu. Akachora jua, nyoka, ngazi, na mduara ambao anasema ni mimi. Kwenye karatasi nyeupe krayoni nyeupe haionekani kabisa, akalalamika kwamba imeharibika, nikamwambia subiri. Kisha tukapaka rangi ya maji juu kwa brashi pana, bluu upande mmoja na nyekundu upande mwingine, na nta ikakataa maji, michoro yote ikajitokeza. Alipiga kelele mpaka kaka yake akaja mbio. Angalizo moja, rangi iwe nyepesi ya maji maji, tulipojaribu ile nzito ya kopo iliifunika nta na hakuna kilichotokea.

Tukaziacha zikauke, nikazilaza chini ya vitabu usiku kucha, kesho yake mgongoni kwa A3 nikapiga mistari kwa rula. A3 moja ukiigawa nusu, nusu tena, nusu tena, unapata vipande 8 vya A6. Karatasi mbili vipande 16, watu 14, viwili vya akiba. Kadi zetu zenyewe ni A6 kwa hiyo nikapunguza kila kipande kidogo pembeni ili ukingo wa kadi ubaki kama fremu. Na cha ajabu kipande chenye mkia tu wa nyoka na bluu kinapendeza kuliko nyoka mzima, ukikikuta kwenye bahasha utadhani kuna mtu alikaa akafikiria.

Lakini kabla ya kubandika tuliandika kwanza. Hii ndio ningemwambia mzazi yeyote, maandishi yaje kabla ya pambo, akili ikiwa bado fresh na kadi ikiwa wazi imelala flati mezani. Jina lake lina herufi 5, ukizidisha na 14 ni herufi 70, hiyo ni kazi nzito kwa mkono mdogo, kwa hiyo tulifanya kadi 3 kwa siku na siku ya mwisho 2, kila siku kama dakika 10 hivi. Herufi ya S anaigeuza kama kwenye kioo, nikaiacha hivyo hivyo, wa umri wake wengi bado wanageuza na mimi sikutaka kadi za mwalimu.

Sentensi yenyewe nimeandika mimi, yeye kasema. Na hapa usimwambie "sema asante" maana utapata "asante kwa zawadi" mara 14. Nilimuwekea zawadi mkononi nikamuuliza, hii umeifanyia nini? Ya shangazi yake ikatoka, "Shangazi koti la mvua lina mifuko miwili nimeweka mawe." Ya rafiki yake, "Kipande kimoja cha picha kimepotea lakini kiko humu humu nyumbani." Sijarekebisha hata neno, chini nikaongeza asante kwa mkono wangu.

Kilichotusumbua zaidi ni kujua nani kaleta nini, maana siku ya pati watoto walichana makaratasi yote kwa pamoja na vikadi vya majina vikaenda na taka. Zawadi mbili mpaka leo hatujui ni za nani, ikabidi nimpigie simu mama mmoja kumuuliza kiujanja. Next time kila zawadi ikiwa bado mkononi mwa aliyeileta inapigwa picha na simu, kabla haijafunguliwa.

Kubandika tulitumia gundi ya stiki, yeye anapaka mimi naweka sawa, kadi zote 14 zikaisha kwa kikao kimoja na hakuna iliyopinda. Bahasha zimefunga zote.

Kwa hiyo seti naipa nyota 2 na nusu kati ya 5. Kadi na bahasha ni nzuri, ngumu, zimekunjwa sawasawa, na kwa mtoto wa miaka 8 au 9 labda hata mengine yangefaa. Kwa wa 5 utaishia kununua krayoni, rangi na gundi yako pembeni, bora ununue bahasha tupu na manila ukate mwenyewe. Glita nimeificha juu ya kabati. Stika za sponji ziko kwenye mlango wa choo, zote, kwa urefu wa mtoto wa miaka 5, na zile hazibanduki.