H.264 au ProRes kwa uso uliobadilishwa

Tulipiga tukio la mtumbwi karibu na Jiwe la Bismarck, Mwanza. Aliyeruka majini ni mbadala. Uso wa mwigizaji, kwa ridhaa ya wote wawili, ulipachikwa baadaye.

Mara ya kwanza nilitoa faili kwa H.264, kodeki inayogandamiza video sana, 4:2:0, biti 8. Mshono wa uso uliopachikwa na shingo ulijitokeza chini ya taya, kwenye kivuli, kama kola ya vijiboksi. Sababu ni kwamba 4:2:0 huhifadhi rangi kwa robo tu ya pikseli, na mgandamizo hufuta chengachenga za picha kwanza gizani. Ngozi ya shingo ikabaki na mabaka, ya uso ikawa laini.

Mara ya pili nilitoa ProRes 422 HQ, kodeki ya kuhariria isiyogandamiza sana, biti 10, nikaongeza chengachenga juu ya fremu nzima, kisha nikagandamiza mara moja tu:

```
ffmpeg -i tukio.mov -c:v libx264 -crf 16 -preset slow -tune grain -pix_fmt yuv420p tukio.mp4
```

Kola ikapotea. Faili la ProRes ni zito mno, diski yangu ililia, lakini kwa hatua ya kati silibadilishi. Ila mshono uliomo tayari kwenye ProRes hauponi kwa kodeki. Rudi kwenye maski, ule mpaka unaokata uso uliopachikwa.