Vali ya Kvs 16 au ya Kvs 6.3 kwenye koili ya maji baridi?

Kvs ni mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa vali ikiwa wazi kabisa na ikipoteza kPa 100. Koili inahitaji lita 1 kwa sekunde, yaani 3.6 m³/h. Tawi lake linapata kPa 63, na koili na paipu zinakula 30.

Mafundi wengi hufunga vali ya milimita 32, Kvs 16, kwa kuwa ndiyo saizi ya paipu na haidai redusa. Ikiwa wazi kabisa inapoteza kPa 5 tu: 100 × (3.6/16)². Kwa hiyo mamlaka yake, yaani sehemu ya shinikizo la tawi inayopotelea kwenye vali iliyo wazi kabisa, ni 5/63, kama 0.08. KPa 28 zilizobaki huuliwa na vali ya kusawazisha, ambayo inarekebisha mtiririko wa juu lakini mamlaka hairudishi.

Vali ya milimita 20, Kvs 6.3, inapoteza kPa 33. Mamlaka ni 0.52.

Tofauti inaonekana katikati ya mwendo. Kwa vali za asilimia sawa, ambazo kila hatua ya shina huongeza mtiririko kwa asilimia ileile, shina likiwa nusu, ndogo inapitisha takriban 19% ya maji. Kubwa 45%, na hapo koili imeshatoa sehemu kubwa ya ubaridi wake. Mota inabaki ikihangaika karibu na kufunga, na hewa inayotoka inapanda na kushuka joto bila kutulia.

Mimi nachukua ndogo. Ila tawi likiwa na kPa 40 tu, haitafikisha lita hiyo 1.