Seva ya kukodi ya Minecraft: yaliyotukuta toleo la 1.20.5 lilipotoka

Huduma ninayoizungumzia ni ya kukodi seva ya Minecraft, ile ya Java inayochezwa kwenye kompyuta. Tunaitumia kifamilia: mimi niko Dar es Salaam, wapwa zangu wako Morogoro, na binamu yangu yuko Maskati. Kwa muda mrefu sikuwa na la kulalamikia. Seva ilikuwa hewani karibu wakati wote, na bei tuliimudu kwa kuchangiana. Nyota mbili ninazoinyima zinatokana na yaliyotupata baada ya Aprili 23, 2024, siku lilipotoka toleo la 1.20.5.

Minecraft Launcher ilipakua toleo jipya yenyewe, kama inavyomfanyia kila anayecheza kwa chaguo la `Latest release`. Ulimwengu wangu wa kucheza peke yangu ulifunguka bila tatizo. Lakini nilipoingia `Multiplayer` na kubofya seva yetu, nilirudishwa na maneno haya:

```
Incompatible client! Please use 1.20.4
```

Wapwa zangu nao walikwama hapohapo. Binamu yangu, ambaye kompyuta yake haikuwa imezimwa tangu wiki iliyotangulia na gemu yake ilikuwa bado wazi kwenye toleo la zamani, aliingia na kuendelea kujenga kama kawaida.

Niliwaandikia watoa huduma. Jibu la kwanza likawa nizime modemu na kuiwasha tena; la pili, nifute gemu na kuiweka upya. Hapo ndipo waliponikera kweli, kwa sababu dalili zilikuwa wazi kwamba mtandao hauhusiki. Kwenye orodha ya seva, jina la seva yetu na maelezo yake vilionekana, ila pale pa idadi ya wachezaji paliandikwa `1.20.4` kwa rangi nyekundu. Seva isiyofikika haiwezi kukutajia toleo lake. Ikiwa imezimwa au mtandao umekatika, utaona `Can't connect to server`. Maandishi mekundu maana yake seva iko hai, imekusikia, na imekukatalia. Na kuweka gemu upya kusingesaidia chochote, kwa kuwa ingeshuka ileile 1.20.5.

Inafaa kueleza kinachotokea pale mlangoni. Ujumbe wa kwanza kabisa ambao gemu yako inautuma kwa seva una namba ya protokoli, yaani namba ya utaratibu wa mazungumzo inaoufuata. 1.20.4 inatumia 765, na 1.20.5 inatumia 766. Seva hulinganisha namba hiyo na yake. Zikitofautiana, hukata mawasiliano kabla hujaingia. Ukali huo una sababu. Taarifa zinazopita kati yenu, kama vile nani amesogea, tofali gani limevunjwa, au kuna nini sandukuni, hazina maelezo ndani yake. Kila upande husoma kwa mpangilio ulioujua tangu mwanzo. Katika 1.20.5 namna ya kuhifadhi habari za vitu vya mchezaji ilibadilishwa kabisa. Upanga uliopandishwa nguvu, ukisomwa kwa mpangilio wa zamani, ungegeuka taarifa zisizo na maana, na gemu ingeanguka.

Kwa nini basi mchezo wa peke yako unaendelea? Kwa sababu nao una seva. Tangu toleo la 1.3 la mwaka 2012, ukifungua ulimwengu wako gemu huwasha seva ndogo ndani ya kompyuta yako na kujiunga nayo. Seva hiyo imo ndani ya toleo lilelile, kwa hiyo ilisasishwa pamoja na gemu na namba zao haziwezi kupishana. Wapwa zangu walilithibitisha wenyewe: mmoja alifungua ulimwengu wake, akabonyeza `Open to LAN`, na mwenzake akaingia kutoka chumba cha pili.

Njia iliyoturudisha seva ni kurudi nyuma kwa hiari. Kwenye Minecraft Launcher unafungua `Installations`, unabonyeza `New installation`, kisha kwenye `Version` unachagua `release 1.20.4`. Hapo pana sehemu ya `Game directory`, na ninasisitiza iwekewe folda yake. Usipofanya hivyo, matoleo yote mawili yatatumia folda moja, na ulimwengu uliokwisha kufunguliwa kwa 1.20.5 utaonekana pia ndani ya 1.20.4. Ukiufungua huko utapewa onyo, na ukilipuuza unaweza kupoteza vitu au ulimwengu wenyewe kuharibika. Kubadilisha kwenda toleo jipya hufanyika, kurudi hakuna. Kwa wanaochezea simu, ambao gemu yao ni Bedrock yenye seva zake na siyo ya Java, njia hii haipo, maana duka la programu huwapa toleo la karibuni tu. Wao hulazimika kusubiri seva iwafikie.

Nilitaka pia kujua kwa nini seva haipandishwi. Paneli ya huduma ilikuwa na sehemu ya kuchagua toleo, na 1.20.5 ilikuwamo. Nilipoichagua, seva ilikataa kuwaka. Kumbukumbu zake ziliishia hivi:

```
class file version 65.0 ... up to 61.0
```

Namba hizo zinasema kila kitu. Java hapa ni programu inayoiendesha seva: 65 ni Java 21, na 61 ni Java 17. Hadi 1.20.4 seva ya Minecraft iliridhika na Java 17, lakini 1.20.5 inahitaji Java 21. Kwenye kompyuta zetu hatukuhisi badiliko hilo kwa sababu Minecraft Launcher huja na Java yake. Kwenye seva ya kukodi, Java ni ya mwenye mashine, na mteja hana ruhusa ya kuigusa. Walitangaza toleo kwenye paneli bila kuweka kinachoiendesha, kisha wakanituma kwenye modemu. Niliwatumia mstari ule wa kumbukumbu, na safari hii akajibu mtu aliyeelewa kazi. Namsifu kwa dhati: alikiri kwamba mashine bado ziko Java 17, na akaniomba nibaki 1.20.4 hadi atakaponiarifu.

Aliponiarifu, 1.20.6 ilikuwa imeshatoka, Aprili 29. Akanishauri tuiruke 1.20.5. Wapwa zangu walikuwa na wasiwasi kwamba wenye 1.20.5 wangefungiwa tena, lakini matoleo hayo mawili yote yanatumia 766, kwa hiyo huingiliana. Vivyo hivyo 1.20.3 na 1.20.4 zote ni 765. Kinachoamua ni namba hiyo, siyo jina.

Kabla ya kupandisha nilizima seva kwanza, ndipo nikapakua folda nzima ya `world`. Kunakili seva ikiwa inaandika kunaweza kukupa nakala yenye sehemu zisizolingana. Kisha nikachagua 1.20.6 na kuwasha. Ilichukua muda zaidi ya kawaida, halafu ikasimama sawasawa. Masanduku yetu yote yalikuwa na vitu vyake.

Bado ninawalipa, na nyota tatu wanazistahili kwa seva isiyokatika na kwa yule fundi. Nyota ya nne nitaipa toleo jingine litakapotoka, ikiwa paneli yao itaonyesha tu matoleo ambayo mashine zao zinaweza kuyawasha, na ikiwa swali la kwanza la dawati lao kwa mteja aliyekwama litakuwa: maandishi ya seva yako kwenye orodha ni mekundu, na yanataja toleo gani?