Ukumbi wa harusi au mkutano: upi uchukue, na upime nini kabla ya kulipa

Uliza ukumbi wowote unachukua watu wangapi, utapewa namba bila kusita. "Watu 400." Na mara nyingi namba hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba ni ya kweli kwa shughuli nyingine, si yako. Ndivyo ilivyo pia kwa maegesho, kwa vyoo na kwa bei yenyewe. Nimeshiriki kuandaa harusi na mikutano ya kutosha kujua kuwa wenye kumbi wengi hawasemi uongo. Sisi wateja ndio tunaochukua jibu la swali moja na kulitumia kwa swali jingine.

Tuchukue ukumbi mmoja wa mfano, tuutembelee mpaka mwisho. Una urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kimo cha mita 5. Sakafu ni ya marumaru, kuta ni za saruji iliyopakwa rangi, upande mmoja una vioo. Kumbi za namna hii ni nyingi mno.

Sakafu yake ni mita za mraba 300. Viti vikipangwa kwa safu kama darasani bila meza, kila mtu anahitaji kama mita za mraba 0.7. Watu 400 wanakula mita 280, kwa hiyo wanaenea kwa kubanana. Namba ya mwenye ukumbi ni sahihi, kwa mkutano wa kusikiliza tu. Sasa weka harusi humo humo. Meza ya duara ya watu kumi ina kipenyo cha mita 1.8, na ukihesabu viti vilivyovutwa nyuma pamoja na njia ya mhudumu, kila mgeni anachukua kama mita 1.3 za mraba. Kabla ya kuweka hata meza moja, toa jukwaa la maharusi, mita 6 kwa 4, yaani 24. Toa uwanja wa kucheza, 40. Toa meza za kupakulia chakula na sehemu ya foleni yake, 30. Toa 10 za dijei na mitambo yake. Zimebaki 196. Zigawe kwa 1.3 na unapata watu 150.

Ukumbi wa watu 400 umekuwa wa watu 150, na hakuna aliyekudanganya. Kwa mkutano wenye meza za kuandikia makadirio yanakaribia hayo, kwa sababu meza na nafasi ya kupita humfanya kila mtu ahitaji kama mita 1.5. Kwa hiyo usiulize unachukua wangapi. Omba vipimo vya sakafu, au nenda na futi ya kupimia, kisha chora mpangilio wako kwenye karatasi. Nguzo ikiwa katikati ya ukumbi, ondoa pia meza zote zitakazokaa nyuma yake, maana wageni wa meza hizo watatazama nguzo jioni nzima.

Sauti ndiyo inayoharibu shughuli nyingi zaidi, na ndiyo isiyopimwa kabisa. Watu huangalia taa, mapazia na rangi ya viti, wakaondoka. Siku ya shughuli mshereheshaji anazungumza na meza za nyuma zinasikia ngurumo tu. Fundi mitambo anaongeza sauti na hali inazidi kuwa mbaya.

Sababu ni hii. Sauti ikigonga saruji, marumaru au kioo, karibu yote inarudi. Inazunguka ukumbini ikidhoofika polepole, na muda inaochukua kushuka kwa desibeli 60 ndio wataalamu wanaoutumia kupima mwangwi. Mwanafizikia Wallace Sabine alianza kuuchunguza mwaka 1895, pale Chuo Kikuu cha Harvard kilipomwita arekebishe ukumbi wa mihadhara ambao mwalimu alikuwa haeleweki. Alitumia filimbi ya kinanda, saa na matakia ya viti, akagundua kuwa mambo mawili ndiyo yanayoamua: ujazo wa chumba na wingi wa vitu vinavyomeza sauti.

Kwa kanuni yake, ukumbi wetu wa mfano ukiwa mtupu unabaki na mwangwi wa sekunde 5 hivi. Wakiingia watu 150, ambao miili na nguo zao humeza sauti, unashuka hadi sekunde 2. Hapo bado ni tabu, kwa sababu mtu anapozungumza hutoa silabi tano au zaidi kwa sekunde, na kila silabi inafunikwa na mikia ya zile zilizotangulia. Kwa hotuba unataka sekunde 1 au pungufu. Sasa badilisha kitu kimoja tu: dari lote liwe la vigae laini vyenye vitundu, vile vinavyotengenezwa kumeza sauti. Mwangwi unashuka chini kidogo ya sekunde 1 watu wakiwemo. Ukumbi ni uleule na spika ni zilezile, tofauti ni dari. Ndiyo maana ninapoingia ukumbini siku hizi kitu cha kwanza ninachotazama ni juu.

Kupima hakuhitaji kifaa. Simama katikati ya ukumbi mtupu, piga kofi moja kali, usikilize. Sauti ikifa mara moja, vizuri. Ikiendelea kuvuma mpaka ukaweza kuhesabu mbili tatu, jihadhari. Ukisikia mlio wa haraka kama kitu kinachotetemeka, ni kuta mbili tupu zinazotazamana zikirushiana sauti, na pazia zito kwenye ukuta mmoja linaweza kuutuliza. Halafu fanya jaribio la pili, ambalo nalipenda zaidi. Mwenzako akae jukwaani na maikrofoni ya ukumbi, wewe ukae meza ya mwisho. Asome majina kumi ya watu usiowajua, kwa kasi ya kawaida, nawe uyaandike. Ukikosa matatu, wageni wako watakosa zaidi, kwa kuwa wao watakuwa na vijiko vinavyogonga sahani na jirani anayenong'ona. Jaribio lifanyike viyoyozi vikiwa vimewashwa, na jenereta nayo iwashwe dakika chache ulisikie linanguruma upande gani.

Mapazia na zulia husaidia, ila humeza zaidi sauti nyembamba. Besi hupita humo kama haikuona kitu. Ukumbi ukiwa na mwangwi na huna mwingine, usikodi spika kubwa mbili za mbele. Kodi ndogo nne au sita, uzisambaze karibu na meza, zikiwa kwa sauti ya chini. Na kama ukumbi umetenganishwa na mwingine kwa ukuta wa kukunjwa, uliza upande wa pili kuna nini siku hiyo. Semina na harusi haziwezi kutenganishwa na ukuta huo.

Kwenye maegesho hesabu ni fupi. Gari moja, pamoja na njia yake ya kugeukia, linahitaji kama mita za mraba 25. Wageni 150 wakija watatu watatu ni magari 50, hivyo unatafuta mita 1,250 zilizo tupu, si zile wanazogawana na kumbi nyingine mbili za jengo hilo. Tazama pia lango. Magari huja kwa saa mbili lakini huondoka kwa nusu saa, na lango moja jembamba hugeuza nusu saa hiyo kuwa foleni ya hasira.

Usafi usiukague asubuhi ya siku ya kazi, kila kitu kinapong'aa. Omba kuja shughuli ya mwingine inapokaribia kuisha, usimame nje ya vyoo. Utaona kama maji bado yanatoka, kama kuna mtu wa usafi zamu ya usiku, na foleni ina urefu gani. Vyoo vinne vya wanawake, kila mmoja akitumia dakika mbili, vinahudumia watu 40 kwa dakika 20. Kama mapumziko ya mkutano wako ni dakika 20 na wanawake ni 80, nusu yao watarudi wamechelewa. Inua pia kitambaa cha kiti kimoja utazame mto wa chini. Vitambaa hufuliwa, ila mto unabaki na historia yake yote.

Sasa bei. Tuseme kodi ya ukumbi ni 100, kwa fedha yoyote ile, na mwingine jirani unasema 150. Wengi watasaini wa 100. Lakini hiyo 100 ni ya saa nane. Mpambaji anahitaji saa tano kabla, shughuli ni saa saba, kufungasha saa mbili: jumla 14. Saa sita za ziada kwa 5 kila moja ni 30. Mafuta ya jenereta 8, usafi 6, tozo ya kuleta mpishi wako mwenyewe 10, mitambo ya sauti 12. Umefika 166. Kisha unaambiwa bei zote hazikujumuisha kodi ya serikali, tuseme asilimia 15, na unalipa karibu 191. Ule wa 150 ulijumuisha saa 14, jenereta, usafi, sauti na kodi ya serikali. Ukiongeza 10 za mpishi, unalipa 160.

Niliwahi kudaiwa saa mbili za ziada kwa sababu viti vya mpambaji vilikuwa bado vinapakiwa mlangoni. Mkataba ulisema "matumizi ya ukumbi", na kwao kupakia ni matumizi. Tangu hapo naandika saa kamili: mpambaji anaingia saa ngapi, kiti cha mwisho kinatoka saa ngapi. Amana nayo iandikiwe siku ya kurudishwa, na ukumbi ukaguliwe mkiwa wawili, mkipiga picha kabla na baada.

Kwa vipimo hivyo, hivi ndivyo ninavyozipanga kumbi kwa harusi ya watu 150 hadi 250. Ya kwanza ni ukumbi unaojitegemea uliojengwa kwa shughuli, wenye dari linalomeza sauti na uwanja wake wa magari. Kwa kawaida unakuruhusu kuchagua mpishi na fundi mitambo, na hakuna jirani ukutani. Wa pili ni ukumbi wa hoteli. Ni msafi zaidi na sauti yake ni nzuri kwa kuwa una mazulia, ila unafungwa na mpishi wao na idadi ya chini ya wageni utakaowalipia hata wasipokuja. Kwa mkutano nabadilisha, hoteli inapanda juu, kwa sababu vyumba vidogo vya majadiliano na projekta huwa vipo tayari.

Wa tatu ni ukumbi wa shule, taasisi au nyumba ya ibada. Kodi ni ndogo na tozo zilizofichwa ni chache, lakini wengi ni saruji tupu na bati, na hapo kofi lako litakupa jibu. Uliza mapema saa ya kufunga na yale wasiyoruhusu.

Wa mwisho ni hema uwanjani. Sauti ndani yake haina mwangwi mkubwa, kwa kuwa kitambaa huiachia itoke, lakini inatoka hadi kwa majirani, na mvua ikipiga turubai hakuna atakayemsikia mshereheshaji. Sakafu, vyoo, taa, jenereta na walinzi, kila kimoja unakikodi peke yake. Ukilichagua, omba bei likiwa na kuta za pembeni na sakafu ya mbao.