Kipindi kimoja cha korosho, grafu mbili: uzoefu wangu na YouTube Studio na Spotify for Creators

Podikasti yetu tunairekodi Mikindani. Ni mazungumzo ya saa moja na wakulima na wanunuzi wa korosho. Video tunaiweka YouTube, sauti tupu inakwenda Spotify. Kwa hiyo nina takwimu za pande zote mbili kwa maneno yale yale: grafu zinazoonyesha wangapi bado wapo kila dakika ya kipindi.

Kipindi cha ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, ndicho kilichonifundisha kuzisoma. Kwenye YouTube, kati ya kila watu 100 waliobonyeza, walibaki 50 tu baada ya nusu dakika, na 20 walipofika katikati. Kwenye Spotify, kati ya kila 100 walioanza, katikati walikuwepo 55. Mwenzangu akataka tuache video kabisa. Nikamwambia tusiharakishe, maana hao 100 si watu wa aina moja. YouTube inamsukumia kipindi mtu ambaye hatujui wala hatumtafuti, anachungulia, anaondoka. Wa Spotify wengi wametufuata wenyewe. Ukihesabu video kuanzia wale 50 waliopita nusu dakika, 20 ni asilimia 40. Bado sauti inaongoza, lakini pengo si lile la kutisha.

YouTube Studio ina kitu ninachokipenda sana: inatenganisha grafu ya waliojiunga na ya wasiojiunga. Ile ya waliojiunga ndiyo naiweka karibu na ya Spotify. Wastani wa jumla siutazami tena.

Kuna sehemu mgeni wetu alishika kikonyo cha maua chenye unga mweupe, akaonyesha ulipoanzia. Hapo grafu ya video ilipanda, kwa sababu watu walirudisha nyuma kuangalia tena. Grafu ya sauti ilishuka palepale. Nikasikiliza bila picha: mzee anasema "hapa, umeona? Na hapa." Msikilizaji aliye juu ya bodaboda ya Masasi ataona nini? Siku hizi mgeni akishika kitu, mimi nakitaja kwa sauti: rangi, mahali, ukubwa.

Sehemu nyingine zote, vichwa viwili vikiongea, mstari wa video unateremka polepole. Si lazima iwe uchovu. Asiyelipia YouTube Premium akizima skrini, kwa kawaida sauti inakatika, na bando la video huisha mapema kuliko la sauti. Grafu haikuambii aliondoka kwa lipi. Wala haijui kama simu ilikuwa mkononi au imelazwa kifudifudi mezani huku kipindi kikiendelea.

Spotify nayo ina kasoro yake. Grafu yake inawahusu wanaosikiliza ndani ya Spotify tu. Wanaotumia programu nyingine wanaonekana kama upakuaji, na faili likishapakuliwa huko Spotify haijui kama lilisikilizwa hata dakika moja. Kwa watu wa vijijini Tandahimba wanaopakua kwa programu hizo wakiwa mjini penye mtandao mzuri, grafu hiyo haina habari nao. Hao nawauliza mnadani.